Sufuria Hii Inakaa Jiko Gani?

Matangazo ya vyombo yanayopita kwenye simu zetu yana maneno yanayofanana: sufuria nzito, imara, inang'aa, inafaa majiko yote, bei poa, tunatuma mikoani. Picha imepigwa vizuri. Mama aliyeko Tabora anatuma pesa, mzigo unapakiwa kwenye basi, na siku ya pili anafungua boksi na kukuta sufuria nzuri kweli, isipokuwa kwamba jiko lake jipya la umeme halitaki kuiwasha. Jiko linalia mara kadhaa, linaandika alama ya kosa kwenye kioo chake, kisha linazima. Anampigia muuzaji, muuzaji anaapa kwamba chombo ni kizima. Na kweli ni kizima. Kilichokosekana ni maelezo yaliyopaswa kuandikwa kabla pesa haijatumwa.

Zamani maelezo hayo hayakuhitajika sana. Mtu alipikia mafiga, mkaa au stovu ya mafuta ya taa, na moto wa aina hiyo hauchagui chombo. Chungu, karai, sufuria ya alumini, vyote hushika moto. Leo nyumba moja ya mjini inaweza kuwa na jiko la gesi la plati mbili, jiko la umeme la kuweka mezani, na jiko la mkaa la maharage ya Jumapili. Tanzania imejiwekea mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya watu wawe wanatumia nishati hiyo kufikia 2034. Majiko yanabadilika upesi kuliko vyombo vilivyomo kabatini, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotea.

Maelezo ya sufuria yenye faida kwa mnunuzi yanajibu maswali manne: imetengenezwa kwa nini, inachukua kiasi gani, inakaa majiko gani, na inaoshwaje bila kuharibika. Nitayapitia kwa kutumia sufuria moja ya aina inayouzwa kila duka la Kariakoo: ya stenlesi, yenye mfuniko wa kioo na mikono miwili, iliyoandikwa kwenye boksi kuwa ni ya sentimita 24 na lita 6.

Neno stenlesi peke yake halitoshi. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu ili kisishike kutu, na nyingine huongezewa nikeli. Ndiyo maana chini ya sufuria nyingi kumegongwa namba kama 18/10 au 18/0. Namba ya kwanza ni asilimia ya kromiamu, ya pili ni asilimia ya nikeli. Yenye nikeli inang'aa zaidi na inastahimili kutu vizuri zaidi, lakini kwa kawaida sumaku haiishiki. Isiyo na nikeli sumaku inaishika, ila inahitaji kukaushwa vizuri baada ya kuoshwa. Basi yule anayedhani kwamba namba kubwa ndiyo bora kwa kila kitu anaweza kununua sufuria ya bei ya juu ambayo jiko lake la induksheni halitaitambua kabisa.

Stenlesi ina udhaifu mwingine ambao tangazo zuri halifichi: inapitisha moto polepole. Alumini inapitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi. Ukipika ugali au wali kwenye stenlesi nyembamba tupu, katikati panaungua huku pembeni bado pabichi. Watengenezaji wanalitatua hilo kwa kubandika bamba nene la alumini chini ya sufuria, kisha kulifunika kwa bamba jingine la stenlesi. Ukiigeuza sufuria utaliona bamba hilo kama kisahani kilichogandishwa kwenye kitako. Muuzaji anayeandika "stenlesi, kitako cha tabaka tatu, unene wa kitako milimita 5" amempa mnunuzi habari kubwa kuliko yule aliyeandika nzito mara tatu.

Alumini nayo ina yake. Ni nyepesi, ni rahisi, inashika moto upesi, na ndiyo iliyolea familia nyingi hapa kwetu. Haipendi vitu viwili: uchachu na magadi. Mchuzi wa ukwaju, ndimu au nyanya nyingi ukilala ndani yake, unaila. Magadi yanayotiwa kwenye maharage au kisamvu ili viive upesi nayo yanaila, na ndiyo sababu mojawapo sufuria ya alumini inakuwa nyeusi kwa ndani baada ya pishi kama hilo. Kupika na kupakua mara moja ni jambo la kawaida. Kuhifadhia chakula humo hadi kesho ndiko kusikofaa.

Tena tutofautishe alumini na alumini. Kuna ile iliyokandamizwa kiwandani kutoka bamba lililo laini, na kuna ile inayoyeyushwa na mafundi kutoka vyuma chakavu, vipande vya injini na chochote kilichookotwa, kisha ikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Hii ya pili ni nene, ina vinyweleo, na mara nyingi uso wake umekwaruzika kama umepigwa tupa. Utafiti uliofanywa Kameruni na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba vyombo vya namna hiyo vinaweza kutoa madini ya risasi kwenye chakula, na risasi hudhuru zaidi ubongo wa mtoto. Kwa macho huwezi kujua ipi ina risasi na ipi haina. Naheshimu kazi ya mafundi wetu, lakini asiyejua chakavu kilichoyeyushwa kilitoka wapi hapaswi kuandika kwenye tangazo kwamba sufuria ni salama kwa afya. Aandike anachokijua: imetengenezwa kwa alumini iliyorejelezwa, haijapakwa kitu ndani.

Kwa vikaango vya nonstiki, neno linalotakiwa ni aina ya mpako. Ule mweusi wa kawaida ni PTFE. Unavumilia upishi wa kila siku, lakini ukipita nyuzijoto 260 hivi unaanza kuharibika, na kikaango kikiachwa kitupu juu ya moto mkali kinafika huko kwa dakika chache. Moshi wake unaua ndege wa kufugwa wakiwa jirani, na si mzuri kwa mtu pia. Kwa hiyo maneno "usipashe kikiwa kitupu" yana thamani kuliko maneno "hakina PFOA" ambayo yamejaa kwenye maboksi. PFOA ni kemikali iliyokuwa ikitumika kiwandani wakati wa kutengeneza mpako huo, na kuondolewa kwake hakubadilishi chochote kuhusu kiwango cha joto ambacho mpako wenyewe unavumilia.

Lita zinapimwa ndani

Turudi kwenye sufuria yetu iliyoandikwa lita 6. Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa, na kipimo chake ni rahisi kuliko yote.

Chukua rula, pima upana wa ndani kutoka ukuta hadi ukuta, usihesabu ule ukingo uliopinda nje. Tukute sentimita 24. Pima kina cha ndani kutoka kitako hadi ukingoni: sentimita 12. Nusu ya upana ni 12. Zidisha 12 kwa 12, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina cha 12, na jibu ni kama 5,426. Gawanya kwa 1,000 upate lita: 5.4. Asiyependa hesabu achukue chupa ya maji ya lita moja na nusu. Chupa tatu zitaingia zote, na ya nne itabaki na zaidi ya theluthi wakati sufuria imefika pomoni.

Sasa ile lita 6 ilitoka wapi? Pima upya kwa nje, ukingo hadi ukingo, utapata sentimita 25. Pima kimo pamoja na lile bamba la kitako, utapata 13. Fanya hesabu ileile na utapata zaidi ya lita 6. Huenda hakuna aliyekusudia kudanganya. Mtu alipima kwa nje, mwingine akanakili, wa tatu akatangaza.

Na hata hizo lita 5.4 ni za kujaza hadi maji yanakaribia kumwagika, na hakuna anayepika hivyo. Chakula kinahitaji nafasi ya kuchemka, kutoa povu na kugeuzwa kwa mwiko. Robo ya juu ihesabu kuwa haipo, na tuna lita 4 hivi za kupikia. Kwa wali, kilo moja ya mchele ikiiva inafikia lita tatu na kidogo, kwa sababu mchele unavimba karibu mara tatu. Kilo moja inapikika humo kwa raha na inabaki nafasi ya kugeuza. Kilo moja na nusu itapandisha mfuniko. Kwa mnunuzi wa kwetu, maneno "inapika kilo moja ya mchele" yanaeleweka haraka kuliko lita zozote, na muuzaji afadhali ayaandike yote mawili. Namba za sufuria, namba 5 au namba 7, zisiachwe peke yake, maana kila kiwanda kina namba zake.

Kwa preshakuka kipimo kinabana zaidi. Lita zilizoandikwa ni za chombo kizima, lakini hairuhusiwi kupita theluthi mbili, na kwa maharage, choroko, mchele na vyote vinavyovimba au kutoa povu, isipite nusu. Preshakuka ya lita 6 basi ni ya lita 3 za maharage pamoja na maji yake. Povu likipanda juu zaidi linaweza kuziba tundu la kutolea mvuke. Hili ni la usalama, na liandikwe kwenye tangazo, lisiachiwe kijitabu kinachobaki ndani ya boksi.

Sumaku mfukoni

"Kaka, hii inakaa kwenye jiko la umeme?" Swali hilo linaulizwa dukani kila siku, na jibu lake ni moja: "Inakaa yote, dada." Tatizo ni kwamba majiko ya umeme hayako ya aina moja. Lile lenye koili inayokuwa nyekundu, au sahani ya chuma inayopata moto, linapasha sufuria kwa kugusana nayo. Halijali ni madini gani. Linachotaka ni kitako bapa kisichobonyea, kwa sababu kitako kilichopinda kinagusa sehemu chache tu na umeme unaungua bure. Jiko la kioo lenye mwanga mwekundu chini yake ni la jamii hiyohiyo, ingawa alumini ikiburutwa juu yake huacha mistari ya rangi ya fedha isiyotoka kirahisi.

Induksheni ni habari nyingine kabisa. Chini ya kile kioo cheusi kuna koili ya waya wa shaba, na umeme unaopita humo hubadili mwelekeo makumi elfu ya mara kwa sekunde. Hapo unatokea uga wa sumaku unaocheza, nao unazalisha umeme ndani ya kitako cha sufuria chenyewe. Kitako kikiwa cha chuma kinachoshikwa na sumaku, umeme huo unapata ukinzani, na ukinzani huo ndio unaogeuka joto. Kwa maana hiyo sufuria ndiyo inayokuwa jiko. Alumini na shaba zinapitisha umeme kirahisi mno, joto halipatikani la kutosha, na jiko linazima. Chungu cha udongo hakipitishi kabisa.

Kipimo ni sumaku. Ya kwenye friji inafaa, na iliyotolewa kwenye spika mbovu ya redio inafaa zaidi. Igeuze sufuria na uiweke sumaku katikati ya kitako, si ubavuni, kwa sababu ubavu unaweza kuwa wa aina moja na kitako cha aina nyingine. Sufuria yetu ya sentimita 24 ubavuni haikushika kitu, lakini kitakoni sumaku ilinasa kwa mlio. Hiyo inafaa. Kisha weka karatasi kati ya sumaku na kitako uigeuze sufuria tena: karatasi isipoanguka, mshiko unatosha. Ikiwa sumaku inavutwa kidogo halafu inateleza, jiko linaweza kuitambua leo na kuikataa kesho, au likapasha kwa nguvu ndogo.

Halafu pima upana wa sehemu inayoshika sumaku. Isogeze kutoka katikati kuelekea pembeni mpaka iache kushika. Kwenye sufuria yetu iliacha kwenye sentimita 20 kamili, upana wa kitako chote. Kwenye vikaango vya alumini vya bei nafuu vilivyoandikwa kuwa ni vya induksheni, utakuta bamba la chuma lenye matundu limekandamizwa katikati tu, labda sentimita 14, wakati kikaango kina 26. Moto unakaa pale katikati, chapati inaungua kitovu na kubaki nyeupe kingoni. Kwa upande mwingine, kitako kikiwa chini ya sentimita 12 hivi, majiko mengi hayakitambui, hata kiwe cha chuma safi. Ndiyo maana birika dogo la kahawa linaweza kukataliwa. Upana huo wa kitako uandikwe, nao ni tofauti na upana wa mdomo.

Gesi inapokea kila kitu isipokuwa uzembe. Mwali usizidi kitako, kwa sababu ukipanda ubavuni unapasha mikono na kuunguza kingo za mpako wa nonstiki. Mkaa unahitaji onyo lake. Jiko la mkaa linatoa joto pande zote, tena kwa wali watu huweka makaa juu ya mfuniko kupalia. Sufuria yenye mikono ya plastiki ngumu na mfuniko wa kioo haijatengenezwa kwa hilo. Mikono itanuka, itapasuka na kulegea, na kioo kinaweza kupasuka vipande. Anayepalia wali anunue sufuria yenye mikono na mfuniko wa chuma, na tangazo limwambie hivyo waziwazi. Maneno "majiko yote" yamewaunguzia watu vidole.

Kuosha

Jambo linaloharibu sufuria nyingi ni maji baridi. Chombo kikitoka motoni kikamiminiwa maji ya bomba, kitako kinajikunja upande mmoja, na kile kitako bapa tulichokilipia kinapotea. Kwa nonstiki mpako nao unaanza kuachana na chuma. Kiache kipoe kwanza.

Baada ya hapo kila madini yana adui wake. Stenlesi inavumilia msuguano lakini haivumilii klorini; dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ikilowekwa ndani yake inaitoboa vishimo vidogo visivyoondoka. Chumvi ikitupwa kwenye maji baridi na kutulia kitakoni hufanya vivyo hivyo, basi tia chumvi maji yakishachemka na ukoroge. Chakula kilichogandia hakihitaji nguvu: weka maji, vijiko viwili vya magadi ya kuokea, chemsha kidogo, acha lilowe, kitatoka chenyewe. Rangi ya upinde wa mvua inayotokea baada ya moto mkali ni utando mwembamba tu, siki inautoa.

Magadi hayohayo yasiguse alumini. Sufuria ya alumini iliyoingia weusi ichemshiwe maji yenye vipande vya ndimu, weusi utafifia. Usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea vyombo, sabuni yake ni kali na itaitoa ikiwa ya kijivu. Nonstiki inataka sponji laini, sabuni ya maji na mwiko wa mti, na siku mpako unapoanza kubanduka vipande, kikaango kimemaliza kazi yake. Karai la chuma nalo lisilowekwe; likaushe juu ya moto na ulipake mafuta kidogo, la sivyo asubuhi utakuta kutu.

Sasa tangazo letu linaweza kuandikwa upya. Sufuria ya stenlesi, mwili 18/10, kitako cha tabaka tatu kinachoshika sumaku, unene milimita 5. Upana wa ndani sentimita 24, kina 12, lita 5.4 ikijaa pomoni, inapika kilo moja ya mchele. Upana wa kitako sentimita 20. Inakaa gesi, sahani ya umeme, jiko la kioo na induksheni. Haifai kupalia kwa makaa, mfuniko ni wa kioo na mikono ni ya plastiki ngumu. Osha ikishapoa, kwa sabuni ya maji. Usitumie dawa yenye klorini.

Ni sentensi chache, zinaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu, na kila moja mnunuzi anaweza kuihakiki kwa rula, chupa ya maji na sumaku siku mzigo unapofika. Picha zinazofaa kuambatana nazo ni mbili: sufuria ikiwa imegeuzwa na sumaku imenasa kitakoni, na rula ikiwa imelazwa juu ya mdomo kwa ndani.

Kwa aliyekwisha kununua jiko la induksheni na kabati lake limejaa alumini, madukani kunauzwa bamba la chuma la kuweka kati ya jiko na sufuria. Linafanya kazi, lakini kwanza bamba ndilo linalopata moto, kisha linaupeleka kwenye sufuria, hivyo maji yanachelewa kuchemka na umeme unaliwa zaidi. Likiwashwa kwa nguvu kubwa linaweza kupata joto kupita kiasi na kuharibu kioo cha jiko, kwa hiyo litumiwe kwa moto wa chini au wa kati. Linamsaidia mtu kwa mwezi mmoja au miwili wakati anajipanga. Kwa pesa ya bamba zuri pamoja na kidogo cha kuongezea, mara nyingi anapata sufuria moja ndogo yenye kitako kinachoshika sumaku, na hiyo ndiyo ningemshauri aanze nayo.